Kingamwili za Farasi Dhidi ya Sumu ya Kifutu: Zinachoweza na Zisichoweza

Ndugu wauguzi na matabibu,

Naomba tumtazame kifutu peke yake. Sumu yake imejaa vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazoshikilia kuta za mishipa midogo ya damu. Ukuta ukilegea, majimaji na damu huvujia nyamani, na mguu huvimba.

Ili kupata dawa, farasi huchomwa sumu kidogo sana iliyochanganywa na kichocheo cha kinga, kisha dozi huongezwa taratibu kwa wiki au miezi kadhaa, mpaka damu yake iwe na kingamwili za kutosha. Hutolewa damu, utegili ukatengwa, na mara nyingi chembe nyekundu hurudishwa kwa farasi. Viwanda vingi hutumia pepsini kukata mkia wa kingamwili, kwa sababu haushiki sumu na huweza kuchangia mzio. Kinachobaki ni mikono miwili. Mkono ukikishika kimeng'enya, hufunika sehemu yake inayokata au hukizuia kukaribia ukuta wa mshipa.

Hapo ndipo muda unapoingia. Kingamwili hushika sumu. Haiungi nyuzi zilizokwisha kukatwa, wala haifufui msuli uliokufa. Tena ni kubwa, na hupenya polepole kutoka kwenye damu hadi nyamani, penye sumu nyingi.

Chukueni mkulima aliyeumwa kifundoni jioni. Akifika baada ya saa mbili, uvimbe ukiwa unapanda mbio kuelekea gotini, dawa itaikuta sumu nyingi ikiwa bado haijamaliza kazi yake. Akifika kesho yake mchana, baada ya kufungwa kamba na kuchanjwa kwa wembe, ngozi ina malengelenge na weusi, na sehemu hiyo dawa haiirudishi. Hata hivyo msimnyime kwa sababu amechelewa. Wekeni mililita 2 za damu ya mshipani katika chupa ya kioo safi na kavu, iacheni dakika 20 bila kuigusa, kisha iinamisheni. Ikimwagika bila kuganda, sumu bado inaharibu damu, na dawa inahitajika hata siku ya pili. Rudieni kipimo baada ya saa 6, kwani ini huhitaji muda kutengeneza upya vigandishi.

Mtoto hupewa dozi ileile ya mtu mzima, maana tunapambana na kiasi cha sumu, si uzito wa mgonjwa. Adrenalini iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla dripu haijaanza, kwa kuwa protini ya farasi yaweza kuleta mzio mkali ndani ya dakika chache.

Nawasihi jambo moja: shehena ikifika kituoni, someni lebo. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa India haitegemewi kumtibu aliyeumwa na kifutu wetu. Kama kifutu hajatajwa, mjulisheni mfamasia wa wilaya siku hiyohiyo.