Mkopo wa asilimia 24 unaokula asilimia 60

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana cha tawi. Walioomba maandishi, ndiyo haya.)

Leo siongei siasa, naongea marejesho. Najua humu ndani kuna wenye mikopo ya bodaboda, ya simu, na wengine kausha damu kabisa, msinyooshe mikono.

Tuanze na akiba, maana ndiyo rahisi. Benki inakwambia riba asilimia 12 kwa mwaka. Ukiweka milioni moja na riba inaingia mara moja tu mwisho wa mwaka, unakuta 1,120,000. Ila kama wanaigawa kila mwezi, asilimia 1 kwa mwezi, mwezi wa kwanza unapata 10,000, na mwezi wa pili ile 10,000 nayo inazaa. Mwisho wa mwaka unakuta 1,126,825. Kwa hiyo riba ya kutangazwa ni 12, lakini riba halisi ya mwaka ni karibu 12.7. Tofauti ni ndogo, haimuumizi mtu.

Kwenye mkopo ndiko kuna kazi. Chukua mfano wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12. Afisa mikopo anakwambia, "Kaka, riba yetu ni asilimia 2 tu kwa mwezi." Unazidisha kichwani: 24 kwa mwaka. Unamwona mtu mwema.

Sasa muulize: asilimia 2 ya nini? Atakwambia ya mkopo. Yaani 24,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa 12. Riba yote ni 288,000, jumla 1,488,000, na rejesho lako ni 124,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo haina uongo hata shilingi moja. Tatizo ni kwamba ile 1,200,000 hukukaa nayo mwaka mzima. Kila mwezi unarudisha 100,000 ya mtaji. Ukifika mwezi wa 12 deni lililobaki ni 100,000 tu, lakini bado unatozwa 24,000. Hiyo ni asilimia 24 kwa mwezi mmoja, jamani!

Ukikokotoa riba kwa deni lililobaki, mkopo huo unakutoza kama asilimia 3.5 kwa mwezi. Na kwa mwaka usizidishe kwa 12. Fanya kama kwenye akiba, riba juu ya riba, inakuja karibu asilimia 51.

Bado hatujamaliza. Siku ya kuchukua hela wanakata asilimia 3, wanaita ada ya fomu na bima. Ni 36,000. Mkononi unapokea 1,164,000, ila unalipa kana kwamba ulipewa 1,200,000. Hapo riba inakuwa karibu asilimia 4 kwa mwezi, na riba halisi ya mwaka inafika 60. Mmeona ada ndogo ilivyopandisha? Mkopo wa muda mfupi ndivyo ulivyo: ada inagawanywa kwenye miezi michache, inakuwa nzito.

Jirani yake kuna mkopeshaji mwingine, kaandika asilimia 36 kwa mwaka. Vijana wanampita kama hawamwoni. Lakini riba yake inashuka kadiri deni linavyoshuka, asilimia 3 ya salio kila mwezi, na hakati ada. Kwa 1,200,000 ileile rejesho ni kama 120,555 kwa mwezi, jumla karibu 1,446,660. Riba halisi ni 42.6. Unapokea hela nyingi zaidi, unarejesha kidogo zaidi, na bango lake ndilo lilikuwa linatisha!

Kama una simu yenye programu ya majedwali, andika hivi, ukiweka idadi ya miezi, rejesho, na hela uliyopokea mkononi (siyo iliyoandikwa kwenye mkataba):

```
=(1+RATE(12,-124000,1164000))^12-1
```

Itakupa kama 0.60, yaani asilimia 60. Rejesho liwe na alama ya kutoa, la sivyo inaleta kosa. Na kama marejesho ni ya kila wiki, weka idadi ya wiki za mkopo, halafu ile 12 ya mwisho iwe 52.

Kuna jambo moja hesabu hii haioni. Mwenzetu mmoja aliuza mahindi, akaenda kumaliza deni mwezi wa sita. Akaambiwa riba ya miezi yote 12 iko palepale. Akalipa. Akiwa ametumia hela nusu mwaka, gharama yake ilipanda kupita hata hiyo 60. Kwa hiyo kabla hujasaini uliza maswali mawili: riba inatozwa kwenye salio au kwenye mkopo wote, na nikimaliza mapema inapungua? Majibu yaonyeshwe kwenye mkataba, kwa kidole.

Haya, aliyekuja na mkataba wake autoe tuupigie hesabu.