Ruzuku ya Serikali ya Kununulia Mtambo: Kuigawa kwa Miaka ya Matumizi



Mada hii nitaieleza kwa mfano mmoja tu, kuanzia siku fedha zinapoingia benki hadi mtambo unapochakaa. Mfano ni wa kubuni, ila naamini wengi mtauona kama mmewahi kukutana nao. Kampuni ndogo ya kusindika maziwa mkoani Tanga hufunga hesabu zake tarehe 30 Juni. Mwezi Aprili 2023 ilipokea kutoka serikalini shilingi milioni 72 za kusaidia kununua mtambo wa kupozea maziwa. Mtambo uligharimu milioni 128, na milioni 56 zilizopungua kampuni ilizitoa yenyewe. Ulifungwa na kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2023. Fundi alikadiria kwamba utatumika miaka minane, kisha utauzwa kama chuma chakavu kwa milioni 8. Mkataba wa ruzuku una sharti: kwa miaka mitano mtambo usiuzwe wala kuhamishwa, na sharti likivunjwa fedha zirudishwe.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, mhasibu ajue anatumia kiwango kipi. Ninayoeleza hapa yanatoka katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 20, ambacho kimekuwa kikitumika tangu 1984 na kinawahusu wanaofuata viwango kamili vya kimataifa vya taarifa za fedha. Kwa kiwango hicho, serikali ni pamoja na wakala zake, halmashauri na hata taasisi za kimataifa za aina hiyo. Anayetumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati hana ruhusa ya kuigawa ruzuku kwa kufuata uchakavu: ruzuku isiyo na masharti ya utendaji inakuwa mapato mara tu inapostahili kupokelewa, na yenye masharti inakuwa mapato masharti yakitimizwa. Taasisi za umma nazo zina viwango vyao, vyenye vigezo vyake. Hesabu sahihi chini ya kiwango kimoja ni kosa chini ya kingine, na wakaguzi hulikuta jambo hili mara nyingi kwa sababu mtu alinakili hesabu za jirani.

Fedha zinapoingia

Turudi Tanga, Aprili 2023. Milioni 72 zimo benki, mtambo haujafika. Bodi inauliza kama mwaka huu kuna faida nono. Jibu ni kwamba ruzuku haijaleta hata senti moja ya mapato. Kupokea fedha peke yake si ushahidi kwamba masharti yametimizwa au yatatimizwa. Kiwango kinataka pawe na uhakika wa kutosha wa mambo mawili: kwamba kampuni itatimiza masharti, na kwamba ruzuku itapokelewa. Uhakika huo ukikosekana, fedha zile ni deni la kawaida kwa aliyezitoa. Ukiwepo, kama ilivyo kwa kampuni yetu, debiti benki milioni 72 na krediti akaunti ya mapato yaliyoahirishwa milioni 72. Tarehe 30 Juni 2023 akaunti hiyo inabaki na milioni 72 zote, kwa kuwa mtambo haujaanza kuchakaa.

Kwa nini tusizipeleke zote kwenye mapato, tukamaliza? Kwa sababu fedha hizo zimetolewa kufidia gharama, na gharama ya mtambo huonekana kwenye hesabu kidogo kidogo kwa njia ya uchakavu. Ukiweka milioni 72 kwenye mapato ya mwaka mmoja, wanahisa wataona faida na kudai gawio. Lakini fedha za kulipa gawio hilo hazipo, zimegeuka kuwa chuma kilichofungwa sakafuni. Kisha kwa miaka minane uchakavu wote utakula faida bila cha kuupunguza, na meneja atakayekuja baadaye ataonekana ameshindwa kazi.

Kiasi cha kila mwaka

Uchakavu ni gharama ya mtambo ukitoa thamani ya masalia, yaani 128 ukitoa 8, inabaki milioni 120. Gawa kwa miaka minane: milioni 15 kwa mwaka. Ruzuku ni milioni 72, gawa kwa miaka ile ile minane: milioni 9 kwa mwaka zinatoka kwenye mapato yaliyoahirishwa na kuingia kwenye mapato. Mzigo halisi wa mtambo kwa kampuni ni milioni 6 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2023/24 mtambo ulifanya kazi miezi tisa, hivyo uchakavu ni milioni 11.25 na mapato ya ruzuku ni milioni 6.75. Ruzuku huanza kuhesabiwa siku uchakavu unapoanza, hata kama benki ilipokea fedha miezi sita kabla.

Hapa kuna mitego miwili ambayo nataka tukae nayo kidogo.

Wa kwanza ni muda wa mkataba. Mtu anasoma miaka mitano kwenye mkataba na kugawa 72 kwa tano: milioni 14.4 kwa mwaka. Kwa miaka mitano mzigo wa mtambo unaonekana kuwa shilingi laki sita tu kwa mwaka, halafu mwaka wa sita unaruka ghafla hadi milioni 15. Hakuna kilichobadilika kiwandani. Kilichokwisha ni sharti la kutouza mtambo, na sharti hilo linahusu kurudishwa kwa fedha, halihusu muda ambao mtambo utapoza maziwa. Ruzuku ya kununua mali inayochakaa hufuata uchakavu wa mali hiyo.

Wa pili umejificha zaidi, na huwanasa hata wazoefu. Mhasibu anaona ruzuku ni asilimia 56.25 ya bei ya mtambo, basi kila mwaka anachukua asilimia hiyo ya uchakavu. Asilimia 56.25 ya milioni 15 ni takriban milioni 8.44. Inaonekana ya haki. Lakini jumlisha miaka minane: milioni 67.5. Mtambo umekwisha na milioni 4.5 bado zimekwama kwenye mapato yaliyoahirishwa bila kazi ya kufanya. Kosa ni kwamba masalia ya milioni 8 ni ya mtambo, ruzuku haina masalia. Ruzuku yote lazima iishe pamoja na uchakavu wote.

Njia ya kupima ni rahisi, na kiwango chenyewe kinaitoa kwa kuruhusu namna mbili za kuonyesha ruzuku. Namna ya kwanza ndiyo hii ya mapato yaliyoahirishwa. Ya pili ni kuiondoa ruzuku kwenye gharama ya mtambo: 128 ukitoa 72, mtambo unaandikwa milioni 56. Toa masalia 8, gawa kwa nane, unapata uchakavu wa milioni 6. Ni mzigo ule ule. Namna mbili zikikupa mzigo tofauti wa mwaka, mojawapo umeikosea, na kwa uzoefu wangu kosa hukaa kwenye masalia au kwenye tarehe ya kuanza.

Mimi napendelea namna ya kwanza. Ya pili ni fupi, lakini inaficha mambo. Mtambo wa milioni 128 unaonekana wa milioni 56, na siku bodi inapopanga kununua mwingine bila ruzuku, itatumia takwimu isiyowaambia bei ya kweli. Vilevile deni linalosubiri masharti halionekani kwenye mizania. Kwa vyovyote, ukishachagua namna moja, ieleze kwenye maelezo ya hesabu pamoja na masharti yaliyobaki, na uifuate mwaka hadi mwaka.

Kwenye mtiririko wa fedha, milioni 72 zinaonyeshwa siku zilipoingia, na milioni 128 zinaonyeshwa siku zilipotoka, kila moja kwa mstari wake. Zile milioni 9 za kila mwaka si fedha. Unapoanzia kwenye faida kutafuta fedha za uendeshaji, rudisha uchakavu milioni 15 na utoe milioni 9. Wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili.

Makadirio yakibadilika

Tuseme tarehe 1 Oktoba 2026 fundi anasema chumvi ya maji ya kisima imekula mabomba, mtambo una miaka mitatu tu iliyobaki, si mitano. Kufikia hapo uchakavu umefika milioni 45, thamani ya kitabu ni milioni 83, na mapato yaliyoahirishwa yamebaki milioni 45. Uchakavu mpya ni 83 ukitoa 8, gawa kwa tatu: milioni 25 kwa mwaka. Mapato ya ruzuku ni 45 gawa kwa tatu: milioni 15. Mzigo halisi unapanda kutoka 6 hadi 10, kama inavyostahili mtambo unaokufa mapema. Tatizo ni kwamba kwenye kampuni nyingi mtu wa daftari la mali hubadilisha uchakavu, na jedwali la ruzuku likabaki na milioni 9 zake. Mtambo ukishauzwa kama chakavu, ruzuku yake inaendelea kuingia kwenye mapato kama pensheni ya marehemu.

Sharti likivunjwa

Sasa chukua hali nyingine. Mtambo haukuharibika, ila tarehe 1 Oktoba 2025, baada ya miaka miwili kamili, kampuni iliuhamishia mkoa mwingine bila kibali, na serikali ikadai milioni 72 zote. Kufikia siku hiyo milioni 18 zilikuwa zimeshaingia kwenye mapato na milioni 54 zilibaki kwenye akaunti ya kuahirisha. Deni linapothibitika, debiti mapato yaliyoahirishwa milioni 54, debiti gharama za mwaka milioni 18, krediti serikali milioni 72. Zile milioni 18 zote zinabebwa na mwaka huo kwa mara moja, wala hazigawanywi tena kwa miaka sita iliyobaki. Hesabu za miaka iliyopita hazifunguliwi, kwa kuwa hayo ni mabadiliko ya makadirio, si marekebisho ya kosa la zamani. Anayetumia namna ya pili anaongeza milioni 72 kwenye thamani ya mtambo, kisha anaandika papo hapo milioni 18 za uchakavu ambao ungekuwepo kama ruzuku isingekuwapo. Wote wawili wanafikia mtambo wa milioni 98. Na kwa kuwa kilichosababisha kudaiwa kinaweza kuwa kimeugusa mtambo wenyewe, uliza pia kama bado una thamani hiyo.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kufunga hesabu za tarehe 30 Juni, fungueni daftari la mali, na mbele ya kila mali iliyonunuliwa kwa ruzuku ongezeni safu tatu: ruzuku iliyopokelewa, iliyokwisha kuingia kwenye mapato, na iliyobaki. Safu hizo zikae ukurasa mmoja na uchakavu, na jumla ya safu ya mwisho ilingane na akaunti ya mapato yaliyoahirishwa kwenye leja. Isipolingana, msisaini.