Kabla ya Kulipia Kitabu cha Kijana Asiyependa Kusoma



Mara nyingi mzazi humnunulia kijana wake kitabu ambacho yeye mwenyewe angependa kisomwe. Kitabu hufunguliwa siku mbili, kisha hulala kabatini. Fedha hupotea, na kijana huzidi kuamini kwamba kusoma hakumfai. Tunapendekeza jaribio la dakika 10, lifanyike dukani kabla ya malipo.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 14 ambaye baba yake amekusudia kumnunulia Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Kwanza, afungue ukurasa wowote wa katikati na kuusoma kimya, akikunja kidole kimoja kwa kila neno asilolielewa. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kingoje.

Hata hivyo, vidole pekee havitoshi, kwani mtu aweza kujua kila neno na bado asijue kinachotendeka. Kwa hiyo, asome kurasa 2 za mwanzo, afunge kitabu, kisha aulizwe: nani anataka nini, na ni kipi kinachomzuia? Akirudia vipande vya sentensi bila kujibu, hajaelewa.

Tuseme binti huyo amekunja vidole vyote vitano katikati ya ukurasa. Riwaya haijakataliwa, imewekwa juu ya ngazi. Baba aanze na mkusanyiko wa hadithi fupi, ambazo kila moja humalizika kwa kikao kimoja. Baadaye ifuate hadithi ya upelelezi, kama Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), kwa sababu fumbo la mauaji humvuta msomaji mbele. Nayo ipimwe kwa vidole vile vile.

Nyumbani, asome dakika 10 kwa siku, na aweke alama ya penseli mahali mawazo yalipopotea. Alama zikiachana zaidi wiki hadi wiki, ziongezwe dakika 5. Zikirundikana, muda upunguzwe au kitabu kibadilishwe. Kuacha kitabu kisichofaa si kushindwa.

Ikiwa hata ukurasa mwepesi humchosha, huruka mistari, au husogeza kitabu karibu mno na macho, tunawasihi msinunue kitabu kingine kwanza. Apimwe macho, na mwalimu wake aulizwe jinsi anavyosoma darasani.

Mwisho, kabla ya kutoa fedha, pekueni kitabu chote. Nakala zilizochapwa kiharamu huwa na wino hafifu, kurasa zilizopinda au zilizorukwa, na kijana anayesitasita huhitaji sababu moja tu ya kuacha. Ombeni risiti, na muulize mapema kama duka hubadilisha kitabu chenye kasoro.