Kanuni ya kulinda nambari za simu za watumishi



Hapa Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, orodha ya watumishi hujazwa na mikono mingi. Posho ikitumwa kwa simu, kosa la tarakimu moja huipeleka kwa mtu mwingine.

Ekseli huona nambari ya simu kuwa hesabu, ikaondoa sifuri ya mbele: tarakimu 10 zinabaki 9. Kwa hiyo tunachagua kwanza C2 hadi C200 na kuzipa muundo Texte. Kisha tunafungua Données, Validation des données, Personnalisé, na kuandika:

```
=ET(NBCAR(C2)=10;TEXTE(C2*1;"0000000000")=C2;NB.SI($C$2:$C$200;C2)=1)
```

Maana yake: tarakimu ziwe 10, na nambari isirudiwe. Ikikosewa, jedwali linakataa.

Lakini anayenakili kutoka jedwali lingine na kubandika hivi hivi huifuta kanuni kimya kimya. Tubandike Valeurs tu, kisha tubonyeze Entourer les données non valides: makosa yatazungushiwa duara jekundu.

Tena, kanuni haijui simu ni ya nani. Nambari kamili yaweza kuwa ya jirani. Basi kabla ya malipo, kila mtumishi asomewe nambari yake aithibitishe.