Tusianze na «Unafanya Kazi Gani?»

Maneno ya mwandishi wa komite kwenye mukutano wa wanamemba na wafadhili, Baraka



Prezida aliniomba niseme kidogo juu ya kuzungumza. Nilidhani atanipa mambo ya likelemba, kumbe ni hili. Ametoa neno hilo kwa sababu ya kitu alichokiona kwenye mukutano uliopita, hapa hapa chini ya hema hili.

Mugeni mmoja, mutu mwenye roho nzuri, aliketi karibu na mwanamemba wetu. Akamusalimia vizuri, halafu akamuuliza: «Unafanya kazi gani?» Ndugu yetu akajibu: «Mimi niko bure tu.» Yule mugeni akakosa neno. Wakabaki wawili wanaangalia sahani mpaka chakula kikaisha.

Huyo ndugu hakuwa anadanganya. Siku hizi anabeba mizigo pale bandarini, siku ingine anapata, siku ingine anarudi mikono mitupu. Hiyo kwake si kazi ya kutaja mbele ya mugeni aliyevaa viatu safi. Kule anakotoka mugeni, ulizo hilo ni salamu ya kawaida, halina ubaya. Kwa mutu aliyerudi kutoka kambini, linasikika kama unamupima uzito. Na likiisha kujibiwa «bure», hakuna mulango mwingine wa kuingilia.

Mimi nilikaa naye baadaye, tukinawa mikono. Sikuwa na akili nyingi, nilimwambia tu habari yangu: «Mimi siku ya kuvuka ziwa kutoka Kigoma nilibeba kinu cha mama. Watu walinicheka kwenye meli, eti Kongo hakuna miti? Wewe ulileta nini?» Akacheka. Akasema: «Mimi nilileta makaratasi.» Nikashika neno hilo moja: makaratasi gani? Ndipo akaniambia kwamba kule Nyarugusu alikuwa mwalimu wa shule ya musingi miaka mingi, akifundisha programu ya Kongo, na kwamba amehifadhi madaftari yenye majina ya watoto na pointi zao, mwaka kwa mwaka, ndani ya mufuko wa plastiki.

Sasa muangalie. Katika likelemba yetu kuko mama ambaye binti yake alirudishwa darasa la chini kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuonyesha amesoma. Tulikuwa tumekaa na hilo jambo miezi mitatu tukilia nalo. Jina la mutoto lilikuwa ndani ya yale madaftari. Mwalimu akaenda na mama mpaka shuleni, akaonyesha, na mukubwa wa shule akakubali mutoto afanye mutihani kidogo. Akafaulu, akapandishwa. Mwalimu na mama walikuwa wamekaa mukutano mumoja mara nne bila kujuana, kwa sababu kila mara tulimuuliza kazi, na yeye alijibu bure.

Kwa nini ulizo la kitu ulichobeba lilifungua mulango? Naona ni kwa sababu linaweza kujibiwa kwa kidogo ao kwa mingi, kama mutu mwenyewe anavyopenda. Angeweza kusema «sufuria na godoro», tukacheka, ikaishia pale, hakuna aliyeaibika. Halafu halilinganishi tajiri na masikini. Kwenye meli sisi wote tulikuwa na mafurushi. Na mimi nilikuwa nimetoa la kwangu kwanza.

Hili la kutoa la kwako kwanza nalisisitiza. Sisi tuliorudi tumeulizwa sana maishani. Tuliulizwa kwenye mupaka, tukaulizwa wakati wa kuandikishwa, tukaulizwa tena kwenye kuhakiki jetoni: jina, baba, mama, kijiji, watu wangapi nyumbani. Mutu akikuuliza maulizo matatu yakifuatana bila kusema lake, hata kama anatabasamu, mwili unakumbuka ile meza. Utaona majibu yanafupika: «ndiyo», «hapana», «ni hivyo tu». Ukisikia «ni hivyo tu», ujue umekuwa karani. Acha kuuliza, simulia kitu chako. Na nyinyi wageni, muweke daftari ndani ya mufuko mupaka mwisho wa chakula, tafazali.

Kuko mwalimu wa chuo kikuu Amerika, Arthur Aron, ambaye mwaka 1997 alitoa pamoja na wenzake habari ya jaribio lao. Waliwakalisha watu wawili wawili wasiojuana, wakawapa maulizo 36 ya kuulizana kwa dakika 45, yakianza na mepesi na kuingia ndani polepole. Wawili hao walimaliza wakijisikia karibu zaidi kuliko wale waliopewa maulizo ya juu juu tu. Lakini kila ulizo lilijibiwa na wote wawili. Hakuna aliyekaa upande wa kuuliza tu.

Polepole, nimesema. Kuko maulizo yanayofanana na mazungumzo, lakini kwetu huku yanachoma. «Uko na watoto wangapi?» Mama anaanza kuhesabu, anafika kwa mumoja aliyebaki kule njiani, hajui amuhesabu ao amuache. «Ulikimbia namna gani?» Hilo ni la kuulizwa na rafiki, usiku, si kwenye sahani ya wali. «Unatoka fasi gani kabisa?» Huku kwetu Fizi na Uvira mutu anasikia: wewe ni kabila gani? Na kwa wafadhili hasa: «Munahitaji nini?» Mukiuliza hivyo kwenye chakula, mutu anaacha kuwa mwenzenu, anageuka orodha: mabati, mbegu, karo. Orodha hiyo iko, komite itawapa, lakini iwe na saa yake.

Basi uulize nini? Anza na kilicho mbele yenu. Kwenye meza hii kuko ndagala na sombe. «Kwenu sombe munaitia mawese ao karanga?» Nimeona watu wabishane nusu saa juu ya hilo. Ao uliza wavuvi kama mwezi umepungua: wenzetu wanaotega ndagala usiku kwa taa wanajua kwamba mwezi ukiwaka sana samaki hawakusanyiki, na wakianza kukueleza hawakomi. Kwa mutu aliyerudi karibuni, mimi napenda hili: «Ni kitu gani ulijifunzia kule ambacho hapa hatukijui?» Kuko waliojifunza kushona, kuko waliojifunza kutengeneza simu. Lakini si kwa kila mutu. Kijana aliyezaliwa kambini hana «kule» na «hapa» kama sisi. Ukimuuliza hilo anaona unamwambia yeye ni mugeni. Huyo muulize ni nani amemufundisha njia za mji.

Na kama umekaa na mutu, ukapata neno lake, usilifungie mufukoni. Simama, umupeleke kwa mwingine, useme lile neno: «Mama, huyu ndiye mwenye madaftari.» Usiseme «huyu ni mubeba mizigo», wala «huyu ni mufadhili.» Sisi wa komite tumekubaliana leo kila mumoja wetu afanye hivyo na watu wawili.

Wamama wa jikoni wananionyesha mukono, bugali iko tayari. Viti tumevichanganya makusudi, kila meza mugeni mumoja. Mimi nitakaa hapa pembeni, na yule kinu bado niko naye nyumbani, amepasuka upande mumoja.