Kila Mgonjwa na Jetoni Yake

Wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, waganga wakija kijijini kwa siku moja tu, kila mgonjwa achukue jetoni. Namba huandikwa mara mbili kwenye karatasi moja: nusu anapewa mgonjwa, nusu inabaki mezani.

Kila mgonjwa, jetoni yake. Mama mwenye watoto watatu wagonjwa achukue tatu. Akichukua moja, wawili hawamo katika hesabu.

Mgonjwa akionwa, nusu yake inaondolewa mezani. Lakini namba 14 ikiitwa na mwenyewe yuko mtoni, nusu ya mezani haitupwi. Inawekwa kando, inaitwa tena baadaye. Jioni, kabla ya kufunga masanduku ya dawa, nusu zilizobaki mezani ndizo zinazoonyesha nani hajaonwa.

Mtoto mwenye degedege, au mama anayetokwa damu, hangoji namba. Mpelekeni mbele mara moja. Na wewe unayengoja namba, ukitaka kuondoka kidogo, mwambie mgawa jetoni.