Hesabu miezi kwanza, feza nyuma

(Maneno yaliyosemwa kwenye mukutano wa wanamemba, Lubumbashi)



Mudogo mumoja wa chama chetu alinikuta na karatasi mukononi. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka mitano mbele ya kurudi, na sasa eko na kazi hapa mujini. Karatasi ilikuwa taarifa ya michango ya NSSF, ile kese ya pensheni ya Tanzania. Akaniuliza: "Yaya, hapa chini baliandika shilingi 9,540,000. Njo pensheni yangu?" Alikubali niwaelezee na ninyi, juu wengi kati yetu tuko na karatasi kama ile ndani ya malle.

Nilimujibu: hapana, ile si pensheni. Ni jumla ya michango iliyofika kwenye kese. Tuanzie mustari wa mwezi mumoja. Mushahara wake ulikuwa 900,000. Kule sheria inaomba asilimia 20 ya mushahara, na patroni hana ruhusa ya kumukata mufanyakazi zaidi ya nusu. Yeye alikatwa 90,000, patroni akaongeza 90,000. Ile sehemu ya patroni si zawadi, na hairudi kwa patroni siku unaacha kazi. Ikishafika kwenye kese, iko kwa jina lako. Kwa hiyo kila mwezi ungepaswa kuonyesha 180,000.

Sasa tulihesabu mistari. Kontra ilikuwa ya miezi 60, lakini karatasi ilikuwa na miezi 53 tu. Jumla peke yake isingetuonyesha kitu, juu 9,540,000 ni feza nyingi kwa macho. Tulitosha fishi za mushahara, tukaweka moja moja pembeni ya karatasi. Ile miezi 7 alikatwa 90,000 kila mwezi, lakini patroni hakupeleka kitu, hata sehemu yake mwenyewe. Inakosekana 1,260,000, na nusu yake ilitoka moja kwa moja kwenye mufuko wa mudogo wetu. Fishi zile njo ushahidi wake. Tuliandika barua kwa kese, tukaweka kopi za fishi na namba yake ya mwanachama.

Akauliza tena: "Sasa miezi 53 itanipa nini?" Hapa njo pagumu. Michango ni yake, lakini haki ya kulipwa kila mwezi mupaka kufa inaomba miezi 180, maana yake miaka 15. Kule mutu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Akifika umri ule bila kutimiza miezi 180, anapewa malipo ya mara moja, basi.

Angebaki mupaka miezi 180 na mushahara uleule, hesabu ingekuwa hivi. Wanachukua wastani wa mushahara wa mwaka, ile miaka mitatu iliyolipa muzuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Kwake ni 10,800,000. Wanazidisha na miezi 180, wanagawanya kwa 580. Inatoka karibu 3,351,700 kwa mwaka. Kwa kanuni ya mwaka 2022, asilimia 67 ya hiyo ilikuwa inalipwa kidogo kidogo: karibu 187,000 kila mwezi. Asilimia 33 iliyobaki walikuwa wanaizidisha mara 12.5, wanamupa siku ya kustaafu: karibu 13,800,000.

Mumeona? Ndani ya hesabu ile jumla ya michango haiingie hata mahali pamoja. Kinachoingia ni miezi na mushahara. Njo maana mwezi mumoja uliopotea ni hasara hata kama feza yake ni kidogo. Na mutu akikuandikia makisio ya pensheni, muulize alitumia miezi ngapi na mushahara gani. Makisio yanafikiri utabaki kazini bila kukatika. Ukiacha, yanaanguka.

Mudogo wetu alisema basi miezi 53 ya kule ataiongeza juu ya ile ya hapa. Nilimukataza kuhesabu vile. Miezi ya Dar haihamie yenyewe kwenye CNSS yetu. Hapa Kongo, kwa tawi la pensheni mufanyakazi anakatwa asilimia 5 na patroni analipa 5. Ni hesabu ingine, na namba ingine.

Tulienda basi kuuliza kama patroni wake wa sasa alimuandikisha CNSS. Fishi ilionyesha anakatwa ile asilimia 5, lakini namba ya CNSS hakukuwa. Aliiomba kwa maandishi. Wiki ile ile patroni alimuita aje na kitambulisho. Miezi minne tu ilikuwa imepita. Kule Dar alijua ya saba kisha kurudi.

Kesho kutwa, muje na fishi zenu. Tutahesabu pamoja.